Sanaa ya dhana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi za maelekezo na kazi za maandishi

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo watu huuliza tena na tena wanaposimama mbele ya ukuta uliochorwa kwa penseli, au mbele ya sentensi iliyoandikwa ukutani, wakaambiwa kwamba hiyo ndiyo kazi ya sanaa. Sehemu kubwa inafuata mchoro mmoja wa msanii Sol LeWitt wa mwaka 1971, Mchoro wa Ukutani Namba 118. Nimeuchagua kwa makusudi: ukiuelewa huo hadi kwenye ncha ya penseli, kazi nyingine nyingi za aina hii hazitakusumbua tena.

## Misingi

1. Sanaa ya dhana ni nini hasa?

Ni sanaa ambayo wazo ndilo kazi yenyewe, na kitu unachokiona ni njia mojawapo ya kulifikisha. Katika uchoraji wa kawaida, msanii huanza na wazo, kisha wazo hilo hubadilika mkononi mwake kadiri rangi inavyokauka na makosa yanavyomfundisha. Katika sanaa ya dhana maamuzi yote makubwa hufanywa kabla kazi haijaanza. Kinachofuata ni utekelezaji, na unaweza kufanywa na mtu mwingine kabisa, mahali pengine, miaka mingi baadaye.

Sol LeWitt, Mmarekani aliyeishi kati ya 1928 na 2007, aliliweka jambo hili wazi katika makala aliyoichapisha mwaka 1967. Alisema kwamba katika sanaa ya aina hii wazo hugeuka kuwa mashine inayotengeneza sanaa. Wengi husikia neno mashine wakadhani alitaka sanaa baridi isiyo na moyo. Alichomaanisha ni kwamba kanuni ikishawekwa, msanii hana ruhusa ya kuichakachua katikati ya safari ili matokeo yapendeze.

2. Ilianza lini?

Jibu la kawaida ni miaka ya 1960, hasa kati ya 1966 na 1972, lakini mizizi ni ya zamani zaidi. Watu humtaja msanii Mfaransa Marcel Duchamp na chombo cha kukojolea alichokipeleka kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917 akiwa amekisaini jina la R. Mutt. Kwa mada yetu kuna kazi yake nyingine ninayoiona ni muhimu zaidi. Mwaka 1919 Duchamp alikuwa Buenos Aires, na dada yake Suzanne alikuwa ameolewa huko Paris. Kama zawadi ya harusi alimtumia maelekezo kwa barua: chukua kitabu cha jiometri, kining'inize kwa nyuzi kwenye roshani, uache upepo ufungue kurasa na kuchagua hesabu zake. Suzanne akafanya hivyo. Kitabu kikachanika na kuoza, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Hapo tayari viungo vyote vimo: msanii hakugusa kitu, mtekelezaji ni mtu mwingine, na kilichovuka bahari ni maneno tu. Jina lenyewe la sanaa ya aina hii lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, Henry Flynt alipoandika insha yake ya mwaka 1961 akieleza sanaa ambayo malighafi yake ni dhana, kama vile malighafi ya muziki ni sauti.

3. Je, hiki si kichaka cha watu wasiojua kuchora?

Wengi wao walijua. John Baldessari alikuwa amepaka rangi kwa miaka zaidi ya kumi, na mwaka 1970 alichoma moto michoro yake ya kati ya 1953 na 1966 iliyokuwa bado mikononi mwake. Hakuichoma kwa kushindwa kazi. Alikuwa amefikia mahali ambapo swali lililomkereketa, yaani nini hufanya kitu kiitwe sanaa, halikuweza kujibiwa kwa kupaka mchoro mwingine.

Lakini swali lina haki yake. Zipo kazi dhaifu za dhana, tena nyingi. Kazi dhaifu hutambulika kwa jambo moja: ukishaambiwa wazo lake, hakuna kinachobaki cha kugundua wala cha kupima. Kazi imara hukulazimisha ufikirie nini kingetokea ukiitekeleza kweli, na jibu hukushangaza. Mfano mzuri wa mshangao huo uko kwenye swali la 5.

## Kazi za maelekezo

4. Kazi ya maelekezo inakuwaje?

Ni maneno machache yanayomwambia mtu afanye jambo fulani. Yoko Ono ndiye aliyeyapeleka mbali mapema. Kazi yake ya mwaka 1955 inamwambia msomaji awashe njiti ya kiberiti na kuitazama mpaka izime. Basi. Mwaka 1962, huko Tokyo, alionyesha michoro ambayo haikuwa michoro: ukutani zilikuwa karatasi zenye maelekezo tu, zimeandikwa kwa Kijapani na mtu mwingine ili hata mwandiko wake mwenyewe usigeuke kitu cha kutazamwa. Miaka miwili baadaye aliyakusanya maelekezo ya aina hiyo katika kitabu kilichochapwa nakala 500.

Maelekezo ya Ono na yale ya LeWitt hayafanani tabia. Ya Ono mara nyingi humalizika kichwani mwa msomaji. Mengine hayawezi kutekelezwa kimwili hata kidogo. Ya LeWitt yanataka ukuta, penseli na mikono. Majibu matatu yanayofuata yanahusu ya LeWitt, na swali la 8 linarudi kwenye yale yasiyohitaji mikono.

5. Mchoro wa Ukutani Namba 118 unatekelezwaje?

Maelekezo yake ya mwaka 1971, kwa maneno yangu, ni haya: chukua ukuta wowote usiokatika, kwa penseli ngumu, weka nukta 50 bila mpangilio, nukta hizo zisambae sawasawa katika eneo zima, kisha unganisha nukta zote kwa mistari iliyonyooka. Kinachoshangaza ni jinsi maneno hayo machache yanavyobeba kazi kubwa.

Anza na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kuunganisha nukta zote kunamaanisha kila nukta ifike kwa kila nukta nyingine. Nukta ya kwanza inatoa mistari 49. Ya pili inatoa 48 mipya, kwa sababu imeshaunganishwa na ya kwanza. Ya tatu inatoa 47, na kuendelea hivyo mpaka nukta ya 49 inayobakiwa na mstari mmoja. Ukijumlisha unapata mistari 1,225. Mtu mmoja akitumia dakika moja kwa kila mstari, atahitaji zaidi ya saa 20 za kuchora mfululizo, na mistari mirefu haichorwi kwa dakika moja.

Ukuta uwe laini na umepakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Rangi inayong'aa huikataa penseli ngumu. Ncha huteleza, na unaishia kukwaruza badala ya kuchora. Penseli ngumu imetajwa kwa sababu hutoa mstari mwembamba wa kijivu usiopakaa kirahisi. Jaribu mistari mia kadhaa kwa penseli laini halafu upitishe kiganja juu yake, utaelewa kwa nini.

Sasa weka nukta. Hapa maelekezo yana mvutano ndani yake: bila mpangilio, lakini zisambae sawasawa. Ukirusha nukta ovyo kabisa, zitajikusanya. Bahati haina usawa. Ukizipanga sawasawa kabisa, huo si tena mtawanyiko wa ovyo. Njia inayofanya kazi ni kugawa ukuta kwa macho katika maeneo 50 yanayokaribiana ukubwa, kisha kuweka nukta moja popote ndani ya kila eneo bila kuangalia jirani zake. Usichore mistari ya mgawanyo huo. Kila nukta ipe namba kwenye kipande kidogo cha karatasi ya gundi hafifu kinachobanduka bila kuchuna rangi.

Baada ya hapo andika orodha: 1 kwa 2, 1 kwa 3, mpaka 49 kwa 50. Mistari mifupi inachorwa kwa rula ndefu. Kwa mistari inayovuka ukuta mzima, watu wawili hushika ubao ulionyooka, wa tatu akachora. Uzi uliokazwa husaidia kuona njia, ila penseli ikiusukuma mstari unapinda. Kila mstari ukimalizika, weka alama kwenye orodha hapo hapo. Noa penseli mara kwa mara, kwani ncha butu hutoa mstari mnene, na macho huukamata huo kabla ya mingine yote.

Kazi ikifika nusu ndipo wazo linapoanza kuonekana. Katikati ya ukuta panazidi kuwa peusi, kwa sababu mistari mingi kati ya nukta za mbali lazima ipite pale, huku pembe za ukuta zikibaki karibu tupu. Hakuna aliyeambiwa aweke kivuli. Kivuli kimetoka kwenye kanuni yenyewe, na mimi huona hapo ndipo sentensi ya LeWitt kuhusu mashine inapopata nyama.

6. Nitajuaje kama mchoro umekosewa?

Kosa la kwanza ni la nukta kupangwa kama jedwali. Tuseme mtu ameziweka safu tano zenye nukta kumi kila moja. Ndani ya safu moja kuna jozi 45 za nukta, na mistari yote 45 inaangukia juu ya mstari mmoja uleule. Safu tano zinazika jozi 225 ndani ya mistari mitano. Hapo bado hujahesabu wima na mshazari. Orodha itasema mistari 1,225 imechorwa, ila ukutani haipo, na badala ya wingu utaona kitu kinachofanana na kitambaa kilichofumwa. Dalili ni mistari michache minene iliyonyooka kwa ulalo au wima. Ukiziona mapema, sogeza nukta kidogo kabla hujafika mbali.

Kosa la pili ni mstari uliosahaulika. Katikati huwezi kuugundua, kwa hiyo chunguza nukta za pembezoni. Nukta iliyo karibu na ukingo hutoa mistari yake 49 kwa mtawanyo kama feni, na pengo moja ndani ya feni hiyo huonekana. Kisha rudi kwenye orodha ukaangalie alama gani haipo.

LeWitt mwenyewe hakuwa mkali kwa makosa ya mkono. Katika maandishi yake ya mwaka 1971 alisema michoro yote ya ukutani ina makosa, na makosa hayo ni sehemu ya kazi. Asichokubali ni kuvunja mpango. Mchoraji akiamua kuruka mistari kwa sababu katikati pamekuwa peusi mno kwa ladha yake, basi mchoraji huyo amekuwa msanii, na mchoro ni wake, tena ni kejeli ya wazo la mwanzo. Kwa ufupi, mkono uliotetemeka unasamehewa. Uamuzi wa kukiuka mpango hausamehewi.

7. Kama kila ukuta unatoa mchoro tofauti, upi ndio halisi?

Yote ni halisi, mradi mpango umefuatwa na utekelezaji una kibali. Ukuta mrefu mwembamba utatoa mistari inayolala, ukuta wa mraba utatoa kitu kingine. LeWitt aliamini kwamba kila mtu huchora mstari kwa namna yake na huyaelewa maneno kwa namna yake, na aliliachia hilo nafasi kwa hiari. Alitunga zaidi ya michoro 1,200 ya ukutani kuanzia ule wa kwanza aliouonyesha New York mwaka 1968. Mingi yake imechorwa, ikapakwa rangi juu ikapotea, kisha ikachorwa tena kwingine.

Ukitaka kuiona mingi pamoja, jumba la MASS MoCA huko Massachusetts lilifungua mwaka 2008 maonyesho ya michoro yake 105. Yamepangwa kubaki ukutani hadi mwaka 2043. LeWitt alishiriki kuyapanga lakini alifariki zaidi ya mwaka mmoja kabla hayajafunguliwa. Kazi ilifanywa na wachoraji wazoefu wakishirikiana na wanafunzi, na kitu pekee kilichokosekana ni yeye, ambaye kwa mujibu wa sanaa yake hakuhitajika kuwapo.

8. Je, ni lazima maelekezo yatekelezwe?

Inategemea msanii, na aliyelijibu swali hili kwa uwazi kuliko wote ni Lawrence Weiner. Mwaka 1968 alitengeneza kazi ya nje kwenye chuo kimoja huko Vermont: vigingi vilivyochomekwa ardhini kwa vipimo sawa na kamba zilizofungwa kati yake kutengeneza gridi, huku sehemu moja ya mstatili ikiwa imeondolewa. Wanafunzi wakaona kamba zinawazuia njia wakazikata. Weiner alipotafakari, aliona kazi haijaharibika. Yeyote aliyesoma maelezo ya vigingi na kamba tayari alikuwa nayo.

Kutokana na hayo alitoa tamko lenye vipengele vitatu: msanii anaweza kuitengeneza kazi, kazi inaweza kutengenezwa na mwingine, kazi si lazima itengenezwe. Hali zote tatu zina uzito sawa, na anayeipokea kazi ndiye anayeamua. Mfano wake maarufu ni kuondoa plasta ukutani, eneo la inchi 36 kwa inchi 36, hadi kufikia kinachoishikilia. Mwaka 1969 iliondolewa kweli huko Bern. Ukiisoma hapa bila kushika tindo, kwa sheria ya Weiner umeipokea kikamilifu. Kwa LeWitt sivyo kabisa. Yeye alitaka mpango na mchoro viwe pamoja, vyote kwa uzito mmoja.

9. Mtekelezaji akiyaelewa maelekezo kivyake kabisa?

Wakati mwingine huzaliwa kazi mpya. Mwaka 1960 mtunzi wa muziki La Monte Young aliandika maelekezo yanayosema: chora mstari ulionyooka na uufuate. Mwaka 1962, huko Wiesbaden, Nam June Paik aliyatekeleza kwa kuchovya kichwa chake kwenye mchanganyiko wa wino na maji ya nyanya, kisha akakiburuta juu ya karatasi ndefu iliyotandikwa sakafuni. Hakuvunja neno hata moja. Maelekezo hayakutaja mkono wala penseli. Ule utekelezaji leo unajulikana kama kazi ya Paik yenye jina lake yenyewe, na maelekezo yamebaki ya Young.

## Kazi za maandishi

10. Sentensi ukutani ina tofauti gani na bango au shairi?

Bango linataka ufanye au ununue kitu. Shairi linaishi kwenye sauti na mpangilio wa maneno yake. Kazi ya maandishi ya sanaa ya dhana hutumia maneno kuelekeza akili kwenye kitu kisichokuwapo mbele yako, na kukuacha nacho.

Chukua kazi ya Robert Barry ya mwaka 1969. Inataja mambo yote anayoyajua ambayo kwa wakati huo hayafikirii, kisha inaweka saa na tarehe: saa saba na dakika 36 mchana, Juni 15, 1969. Jaribu kuifikiria hiyo sanamu. Ina umbo halisi, kwani mambo hayo yalikuwepo na yalikuwa mengi. Ila msanii akijaribu tu kulitazama moja, linatoka kwenye kazi, kwa kuwa sasa analifikiria. Tarehe ndiyo inayoishikilia. Ukiondoa saa na tarehe, inageuka msemo wa kawaida.

11. Kwa nini "Kiti Kimoja na Vitatu" inatajwa kila mahali?

Kwa sababu inafundisha haraka. Joseph Kosuth aliitengeneza mwaka 1965: kiti cha mbao, picha ya kiti hicho kwa ukubwa wake, na maana ya neno kiti kutoka kwenye kamusi iliyokuzwa. Wengi huishia kwenye swali la kipi kati ya vitatu ni kiti cha kweli. Jambo linalovutia zaidi hawaambiwi: kiti kinaweza kubadilishwa, na picha inatakiwa ipigwe mahali kazi inapoonyeshwa, kiti kikiwa kimesimama palepale. Kinachobaki kilekile kutoka onyesho moja hadi jingine ni uhusiano kati ya vitu vitatu. Kwa hiyo ingawa huhesabiwa kuwa kazi ya maandishi, chini yake kuna maelekezo.

12. Ipo kazi iliyo ya maelekezo na ya maandishi kwa wakati mmoja?

Ipo, nayo ni ya Baldessari. Mwaka 1971 chuo cha sanaa huko Halifax, Nova Scotia, kilimwalika lakini hakikuwa na fedha za kumsafirisha. Akatuma maelekezo: wanafunzi waandike ukutani, tena na tena, ahadi ya kutotengeneza tena sanaa inayochosha. Wakaandika kwa hiari mpaka kuta zikajaa, kama adhabu ya darasani. Kazi inazungumzia uchovu kwa kuwachosha wanaoitekeleza, na bado ukiitazama haikuchoshi.

## Kumiliki na kuuza

13. Anayenunua mchoro wa ukutani ananunua nini hasa?

Ananunua cheti kilichosainiwa na msanii na, kwa kawaida, mchoro mdogo wa maelekezo. Cheti cha LeWitt kinaeleza kwamba chenyewe ndicho saini ya kazi, na kwamba lazima kiambatane nayo inapouzwa au kuhamishwa. Akihama nyumba, mmiliki hupaka rangi juu ya mchoro na kuuchora upya kwingine. Grafaiti ya penseli ukutani haina bei. Karatasi ndiyo yenye bei.

14. Cheti kikipotea?

Hapo ni balaa. Mwaka 2012 mmiliki mmoja nchini Marekani aliishtaki galeri aliyoikabidhi cheti cha LeWitt ili iuze kazi, akidai galeri imekipoteza na kazi haiuziki tena. Fikiria jinsi hali hiyo ilivyo ngeni. Maelekezo yanajulikana, na mchoraji yeyote mzuri angeweza kuirudia kazi kesho asubuhi, lakini hakuna wa kuinunua. Wazo linaweza kusambaa bure. Haki ya kuliita lako ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi moja.

15. Je, naweza kuchora Namba 118 kwenye ukuta wangu?

Kwa kujifunza, jaribu, nami ningekushauri uanze na nukta 10 kwenye karatasi: mistari ni 45 tu, na tayari utaona katikati pakianza kukolea. Usiuonyeshe hadharani wala kuuza kama kazi ya LeWitt, kwa sababu zilizo kwenye swali la 13. Ulichonacho ni zoezi.

16. Na ile ndizi?

Maurizio Cattelan aliibandika ndizi ukutani kwa mkanda wa gundi huko Miami mwaka 2019, katika matoleo matatu, na bei ilikuwa karibu dola 120,000. Mtu mmoja akaila, ikawekwa nyingine. Novemba 2024 toleo mojawapo liliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2. Kilichonunuliwa ni cheti na maelekezo ya kubandika, sawasawa na swali la 13. Kisheria haina jipya. Kisanaa naiona nyepesi ukiilinganisha na Namba 118, kwa sababu kuitekeleza hakukuonyeshi kitu usichokijua kabla.

## Mazingira magumu

17. Itakuwaje kifaa kilichotajwa kisipopatikana tena?

Felix Gonzalez-Torres alilifikiria hili kabla. Kazi yake ya mwaka 1991, picha ya mwenzi wake Ross aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo, ni rundo la peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi, lenye uzito unaopendekezwa wa pauni 175, takriban kilo 79. Watazamaji wanaruhusiwa kuchukua, na rundo linapungua. Mmiliki anaweza kulijaza tena. Vyeti vyake vinatoa nafasi kwa mmiliki kutafuta peremende za kufanana nazo zile za mwanzo zikiadimika.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, wazo limefungwa kwenye kifaa chenyewe, au kwenye tabia yake? Katika Namba 118 tabia inayotakiwa ni mstari mwembamba usiopakaa, na penseli yoyote ngumu inautoa. Katika rundo la peremende, tabia ni uzito, utamu, na ruhusa ya kuchukua. Ukiweka peremende za plastiki zisizolika, umeiua kazi hata kama uzito ni kilo 79 kamili.

18. Nataka kuandika maelekezo yangu. Nianzie wapi?

Andika sentensi moja, kisha mpe mtu asiyekujua na usimweleze kitu. Kaa kimya umtazame. Tuseme umeandika: chora mistari kumi inayogusana. Mmoja atachora mistari kumi inayokutana kwenye nukta moja. Mwingine atachora ngazi. Wa tatu atakuuliza kama kila mstari uguse yote tisa au mmoja unatosha. Swali hilo la tatu ndilo la kuangalia. Kama jibu lake linabadilisha kazi kwa namna unayoijali, sentensi yako bado ina tundu. Andika upya: chora mistari kumi iliyonyooka, kila mmoja uikate mingine yote, na pasiwe na mistari mitatu inayokutana mahali pamoja. Sasa makutano yatakuwa 45, na kila atakayefuata atayapata hayohayo 45, kwenye karatasi ndogo au uwanjani.

Kama jibu halibadilishi unachokijali, liache tundu lilivyo na usilizibe. Rangi ya wino, ukubwa wa karatasi, pembe ya mistari: ukivitaja vyote, mtekelezaji wako hana tena cha kuamua, na utakuwa umeandika agizo la kiwandani. LeWitt hakusema nukta ya kwanza iwekwe wapi.